Duru ya historia ya michezo ya ubao: jinsi maswali kumi yalivyopangwa kwa ukumbi mmoja wa Dodoma

Kisa hiki kinahusu duru moja ya chemshabongo iliyoandaliwa kwa ajili ya ukumbi wa jumuiya katika mtaa mmoja wa Dodoma mjini. Timu tisa za watu watano watano zilikuwa zimejiandikisha. Duru ya mwisho ya jioni hiyo, ambayo ndiyo ingetoa mshindi wa kwanza na wa pili, ilikuwa ya historia ya michezo ya ubao. Kulikuwa na rasimu ya maswali kumi iliyokusanywa na kijana mmoja wa kamati, na kazi niliyopewa mimi pamoja na mwalimu mstaafu ambaye angeyasoma maswali ilikuwa kuyapanga kuanzia mepesi hadi magumu, na kuongeza maswali ya kuvunja sare.

Rasimu yenyewe ilikuwa imekwisha kugawanywa katika makundi matatu: manne mepesi, manne ya wastani na mawili magumu. Mgawanyo huo wa nne, nne, mbili ni mzuri na tuliuacha ulivyo. Tatizo lilikuwa kwamba kila swali lilikuwa limewekwa katika kundi lake kwa kupima umbali wake na maisha ya aliyeliandika, si ya watu watakaoketi ukumbini. Kijana huyo ni mwanafunzi wa chuo kikuu, amecheza Monopoli bwenini na chesi kwenye simu, kwa hiyo swali la Monopoli lilikuwa kwake jepesi, na swali la bao lilikuwa gumu. Ukumbini mambo yangekuwa kinyume. Kati ya timu tisa, mbili zilikuwa za wazee na mafundi ambao kila jioni hukaa kwenye mbao za bao chini ya mti, moja ya vijana wa bodaboda ambao mchezo wao ni drafti ya vizibo vya soda, mbili za watumishi wa serikali waliohamia Dodoma pamoja na wizara zao, na zilizobaki zilitoka makanisani, msikitini na chuoni. Ugumu wa swali haumo ndani ya swali lenyewe. Umo kati ya swali na watu wanaoulizwa, na ni lazima uende kupimwa kwa watu wa aina hiyo hiyo.

Tuliupima hivi. Tuliwatafuta watu watano ambao wasingeshiriki siku ya mashindano, kila mmoja wa aina ya moja ya timu zile: mzee wa bao, dereva wa bodaboda, karani wa wizarani, mwalimu wa madrasa na mwanafunzi wa chuo. Kila mmoja aliulizwa peke yake, kwa mdomo, maana ukumbini maswali husomwa wala hayaonyeshwi ukutani. Swali likijibiwa na wanne au watano, ni jepesi. Likijibiwa na wawili au watatu, ni la wastani. Likijibiwa na mmoja, ni gumu. Lisipojibiwa na yeyote, halifai kuitwa gumu. Linaandikwa upya au linaondolewa, kwa sababu swali ambalo hakuna timu italipata halitenganishi timu yoyote na nyingine, sawa na lile ambalo wote wanalipata. Watu watano ni wachache, na kipimo hiki hakiwezi kutofautisha wepesi na wepesi zaidi, lakini kinatosha kabisa kukamata swali lililowekwa kwenye kundi lisilo lake.

Faida ya pili ya kuuliza kwa mdomo ilionekana kwenye swali la bao. Rasimu iliuliza hivi: «Bao linapoanza, kila mchezaji ana kete ngapi ubaoni?» Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha badala ya kujibu akauliza.

«Mwalimu, hilo ni bao lipi? La kujifunza au la kiswahili lenyewe?»

«La kiswahili, babu.»

«Basi sema. La kujifunza ni thelathini na mbili, zote zimelala chini. La kiswahili ni kumi tu. Nyingine ziko mkononi.»

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Ubao wa bao la kiswahili una safu nne za mashimo nane nane, yaani mashimo 32, na kete ni 64, kila mchezaji akiwa na 32. Katika bao la kujifunza kila shimo huanza na kete mbili, hivyo kete zote 32 za mchezaji ziko ubaoni tangu mwanzo. Katika bao la kiswahili mchezaji huweka kete sita kwenye shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia wa nyumba hiyo, ambazo jumla yake ni kumi. Kete 22 zinazobaki hushikwa mkononi na kuingizwa moja moja wakati wa kunamua, na zikiisha ndipo hatua ya pili ya mchezo, iitwayo mtaji, inapoanza. Swali lilivyokuwa limeandikwa lilikuwa na majibu mawili ya kweli, na karatasi ya majibu ilikuwa na moja tu. Hebu fikiria timu mbili za wazee zinaandika 10, msahihishaji ana 32 mbele yake, na duru ndiyo ya mwisho. Ukumbi hauwezi kutulia tena baada ya hapo, na haupaswi kutulia, kwa sababu walioonewa ni wale wale wanaoujua mchezo kuliko wote. Tuliongeza maneno «bao la kiswahili», jibu likawa kumi, na swali likahamia kundi la wastani kwa kuwa dereva wa bodaboda naye alilipata.

Maswali mengine mawili ya rasimu yalikuwa na kasoro ya aina tofauti, ambayo majaribio ya mdomo hayaikamati: jibu lililoandikwa halikuwa la kweli, au lilikuwa linabishaniwa. La kwanza liliuliza mchezo wa kale kuliko yote duniani, na jibu likawa seneti ya Misri. Mbao za seneti, zenye viraba thelathini katika safu tatu za kumi kumi, ni za kale sana kweli, na baadhi zilikutwa katika kaburi la Tutankhamuni lililogunduliwa mwaka 1922. Lakini kuwa wa kale sana ni jambo moja, na kuwa wa kwanza ni jingine. Mwanzo wa mchezo hauachi cheti, na mashimo yaliyochongwa kwenye mwamba hayasemi kama yalikuwa ya kuchezea au ya kutwangia. Nina msimamo mkali hapa: neno «wa kwanza» au «wa kale kuliko yote» lisiingie kamwe katika duru ya historia ya michezo. Swali tuliligeuza likawa jepesi na salama: katika kaburi la mfalme Tutankhamuni, lililofunguliwa mwaka 1922, zilikutwa mbao za mchezo uitwao seneti, kaburi hilo liko nchi gani? Watano wote walijibu Misri.

La pili liliuliza nani alibuni Monopoli, na jibu likawa Charles Darrow. Hadithi hiyo ilisambazwa kwa miaka mingi na bado imeandikwa mahali pengi. Ukweli ni kwamba Mmarekani Elizabeth Magie alipata hataza mwaka 1904 kwa mchezo wa kununua ardhi na kutozana kodi, akikusudia kuonyesha jinsi umiliki wa ardhi unavyowatajirisha wachache na kuwafilisi wengine. Mchezo huo ukapita mkono kwa mkono, watu wakiutengenezea mbao zao wenyewe nyumbani, hadi Darrow alipoiuzia kampuni ya Parker Brothers toleo lake mwaka 1935. Kumtaja Magie kama jibu kungekuwa haki kwake, lakini kati ya wale watano hakuna aliyewahi kulisikia jina lake. Kwa hiyo tulilihamisha jina lake kutoka kwenye jibu kwenda kwenye swali: Elizabeth Magie alipata hataza mwaka 1904 kwa mchezo wa kununua ardhi na kutoza kodi, akitaka kukosoa ukabaila, ni mchezo gani maarufu, uliouzwa na Parker Brothers kuanzia mwaka 1935, uliozaliwa na mchezo huo? Watatu walijibu Monopoli. Jina limesomwa kwa sauti mara mbili mbele ya ukumbi mzima, na timu inayofahamu mchezo wa kununua nyumba na kulipa kodi inaweza kufikia jibu kwa kufikiri.

Hapo ndipo ilipo kazi kubwa ya kupanga ugumu, na ningependa kukaa nayo kidogo. Ukweli mmoja unaweza kuulizwa kwa ngazi tatu bila kuubadilisha, kwa kuamua tu kipi kiwe katika swali na kipi kiachwe kwa jibu. Chukua ludo. Mchezo huu ulitokana na pachisi ya Bara Hindi na ukapewa hataza Uingereza mwaka 1896. Swali likisema «pachisi ya Bara Hindi ndiyo iliyozaa mchezo gani wa rangi nne ambao mchezaji hungoja sita ili atoe kete?», hilo ni jepesi, kwani kila kibanda cha mtaani kina ludo. Likisema «ludo ilitokana na mchezo gani wa Bara Hindi?», limekuwa gumu, maana jibu ni jina la kigeni ambalo huwezi kulifikia kwa kufikiri. Likisema «ludo ilipata hataza mwaka gani?», limekuwa swali baya. Mwaka mtupu ama unaukumbuka ama huukumbuki, timu ya watu watano haina cha kujadiliana, na atakayelipata atakuwa amebahatisha. Tulitumia umbo la kwanza. Miaka yote katika duru yetu iliwekwa ndani ya maswali kama mwongozo, wala haikuulizwa popote isipokuwa kwenye kuvunja sare.

Swali la wastani lililonipendeza kuliko yote lilihusu chesi. Mchezo huo ulitoka Bara Hindi ukapita Uajemi na nchi za Kiarabu hadi Ulaya, na kwa karne nyingi kete inayosimama kando ya mfalme ilikuwa waziri mnyonge, inasogea hatua moja tu kwa mshazari. Mwishoni mwa karne ya 15, huko Ulaya, ilipewa mwendo wa mbali kwa pande zote. Tuliuliza: ni kete gani ya chesi ambayo zamani ilisogea hatua moja tu kwa mshazari, lakini leo ndiyo yenye nguvu kuliko zote? Anayecheza chesi anajua malkia ndiye mwenye nguvu, na huenda hajui kabisa kwamba aliwahi kuwa mnyonge. Anajibu kwa anachokijua na anaondoka na asichokijua. Karani na mwanafunzi walilipata.

Kwa magumu mawili tulihitaji kitu ambacho wengi watakikosa huku wakiona njia. Moja lilihusu drafti ya Kichina, ule ubao wenye umbo la nyota ya pembe sita, ambao pamoja na jina lake haukutoka China. Ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1892 katika nchi moja ya Ulaya. Jibu ni Ujerumani. Anayefikiri anabaki na nchi nne au tano za kuchagua, na timu inaweza kubishana juu yake kwa dakika nzima. Jingine lilihusu mchezo wa viraba ishirini ambao mbao zake zilifukuliwa na Leonard Woolley katika makaburi ya mji wa Uru, na ambao sheria zake zilisomwa kutoka kibao cha udongo cha Babeli cha mwaka 177 kabla ya Kristo. Swali lilikuwa mji huo upo nchi gani leo. Mmoja tu kati ya watano alijibu Iraki, kwa hiyo lilikaa kwenye magumu.

Kamati ilipendekeza maswali mepesi yapewe alama moja, ya wastani mbili na magumu tatu. Tulikataa, na sababu ni hesabu. Kwa mpango huo duru ingekuwa na alama 18, na maswali mawili magumu peke yake yangebeba sita, yaani theluthi moja. Kwa kuwa katika magumu ndiko kubahatisha kuliko kwingi, timu iliyobahatisha Ujerumani ingeifuta kazi ya timu iliyojibu maswali matatu mepesi kwa uhakika. Alama moja kwa kila swali inatosha. Ugumu unafanya kazi yake wenyewe, kwa sababu timu bora ndizo zinazofika huko zikiwa bado hazijapoteza kitu.

Gharama ya uamuzi huo ni sare. Ukiwa na maswali kumi, timu nyingi hupata kati ya alama nne na tisa, na hizo ni alama sita tofauti kwa timu tisa, kwa hiyo lazima baadhi zilingane. Duru za awali zinapunguza hali hiyo lakini haziiondoi. Ndiyo maana maswali ya kuvunja sare hayawezi kuandikwa dakika za mwisho kwenye kona ya karatasi. Rasimu ilikuwa na moja tu: ubao wa mchezo wa go una makutano mangapi ya mistari? Jibu ni 361, yaani mistari 19 kwa 19. Anayeujua mchezo huo anaandika 361, asiyeujua hana pa kuanzia, na zikiwa timu mbili zote zina mwanafunzi anayeufahamu, zote zinaandika 361 na sare inabaki pale pale. Swali la kuvunja sare linatakiwa kuwa kinyume cha maswali mengine: pasiwe na mtu ukumbini anayelijua kwa uhakika, jibu liwe namba, na ushindi uende kwa aliye karibu zaidi.

Ukubwa wa namba nao una athari ambayo waandaaji wengi hawaioni. Mmoja wetu alipendekeza kuuliza idadi ya hali za mchezo ambazo kompyuta Deep Blue, iliyomshinda Garry Kasparov mwezi Mei 1997, ilizipima kwa sekunde moja. Jibu ni takriban milioni 200. Sasa timu moja iandike milioni moja na nyingine iandike milioni 900. Ya kwanza imepungukiwa kwa milioni 199, ya pili imezidi kwa milioni 700, na ushindi unakwenda kwa ya kwanza, ingawa imekosea mara mia mbili na ya pili haijafikia hata mara tano. Kwa namba kubwa za aina hiyo kipimo cha tofauti huwapendelea wanaokisia chini. Inafaa namba ya kawaida, ambayo watu watakisia juu yake na chini yake kwa uzito ule ule.

Tuliandaa mawili, kila moja ndani ya bahasha yake. La kwanza: pambano la ubingwa wa dunia wa chesi kati ya Anatoli Karpov na Garry Kasparov lilianza Septemba 1984 na kusimamishwa Februari 1985 bila mshindi, ilikuwa imechezwa michezo mingapi? Jibu ni 48, ambayo 40 ilikuwa sare. La pili: kete za kale za chesi zinazojulikana kwa jina la kisiwa cha Lewis huko Skotilandi ziliibuka mwaka gani? Jibu ni 1831. Kanuni zilisomwa kabla ya duru kuanza na si baada ya sare kutokea: timu zinaandika kwa wakati mmoja, sekunde thelathini, simu zikiwa mezani zimelazwa kifudifudi, kuzidi na kupungua ni sawa, tofauti zikilingana linafuata swali la pili, na swali la kuvunja sare linaamua nafasi tu, haliongezi alama. Sare ya nafasi zisizo na zawadi haivunjwi.

Siku ilipofika, timu ya mafundi na moja ya timu za watumishi zilimaliza zikilingana kileleni. Bahasha ya kwanza ilifunguliwa. Mafundi waliandika 40, watumishi wakaandika 60. Tofauti ni nane dhidi ya kumi na mbili, kwa hiyo mafundi wakashinda. Hakukuwa na mjadala, kwa kuwa kila mtu ukumbini aliweza kuikagua hesabu hiyo mwenyewe.

Karatasi za majibu tulizichukua na kuhesabu timu ngapi zilipata kila swali, tukalinganisha na makundi tuliyokuwa tumeyapanga. Mepesi yote manne yalijibiwa na timu saba au zaidi. Swali la Ujerumani lilipatwa na timu mbili. Lililotushangaza lilikuwa la Uru, ambalo tuliliita gumu: timu sita zililipata. Mwalimu aliliona mara moja. Katika majaribio alikuwa amelitamka jina la mji kama wanaakiolojia wanavyoliandika, Ur, lakini jioni ile alisoma Uru, kama lilivyo katika Biblia ya Kiswahili, na wanakwaya wakaunganisha moja kwa moja na Uru wa Wakaldayo alikotoka Ibrahimu, na kutoka hapo hadi Iraki si mbali kwa mtu aliyefundishwa ramani za Agano la Kale. Swali hilo sasa limehamishiwa kundi la wastani katika daftari la kamati, na pembeni yake imeandikwa kwa kalamu nyekundu namna ya kulitamka jina. Nafasi yake kwenye magumu inasubiri swali jingine, ambalo litapimwa kwa watu watano wapya, na safari hii mmoja wao atakuwa mwanakwaya.